Unga, Ndimu na Barua ya Shangazi

Shangazi yangu alifua nguo na kusafisha jiko la nyumba ya wageni kwa miaka kumi na tisa, yote akiwa kibarua. Alichotaka ni barua moja tu, ya kuajiriwa. Mwezi uliopita meneja alimwahidi.

"Mama, tuandikie kwanza unavyofanya kazi yako. Ofisi inataka maandishi. Barua itafuata."

Alinijia mbio, maana mimi ndiye msomi wa ukoo. Nikakaa na kalamu. Yeye akasimama, mikono ikifua hewa.

"Koti la mpishi likimwagikiwa mafuta, usikimbilie maji. Nyunyiza unga, uache unywe mafuta nusu saa, kisha kung'uta. Paka sabuni ya vyombo, sugua taratibu, suuza kwa maji ya moto kadiri pamba inavyostahimili. Halafu litazame kwenye mwanga. Ukiona kivuli cha doa, rudia. Ole wako upige pasi! Doa likishapata moto limehamia hapo moja kwa moja, na kodi halilipi."

"Na kutu ya sinki?"

"Mara nyingi si ya sinki. Ni ya makopo yaliyoachwa na maji, au nyuzi za chuma za kusugulia. Zinakatika, vipande vinabaki, vinaota kutu. Kamulia ndimu, ngoja dakika chache, sugua kwa kitambaa laini ukifuata mistari ya chuma. Suuza, kausha. Dawa ya kung'arishia nguo usiisogeze hapo, inakula chuma."

"Shangazi, hilo la pasi tulifiche. Wakilitaka, wakuajiri kwanza."

Akanikata jicho. "Koti limekukosea nini wewe?"

Nikaandika.

Meneja aliisifu karatasi ile mno. Jumatatu wakaja wanawake wawili wenye sare za kampuni ya usafi, kila mmoja na nakala ya maneno ya Shangazi, yamepigwa chapa, nembo ya kampuni juu. Akaombwa awaelekeze siku tano. Akawaelekeza. Mmoja alipoinua pasi juu ya koti ambalo doa lake halijaisha, Shangazi alimshika mkono: "Mdogo wangu, bado."

Ijumaa akapewa barua. Nilimsomea mimi: kazi imekabidhiwa kampuni, huduma yake ya kibarua imekoma, anashukuriwa.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

"Unashukuriwa."

"Haya."

Nilimfuata meneja nikiwa nimewaka. Miaka kumi na tisa mmeichota kwa karatasi moja, nilimwambia, mwenyewe mmemtupa! Hata hakunyanyuka kitini.

"Kijana, mwandiko ule si wako?"

Ni wangu.

Shangazi hanilaumu. Wiki hii alikutana sokoni na yule mwanamke wa pasi, wakasalimiana vizuri, akamuuliza kama barua yake ya kuajiriwa ameshaipata.

"Barua gani, dada?" akajibu. "Sisi ni vibarua."