Mifereji ya Faiz

Ko.

Jeilani Madi aliisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza alasiri moja ya Jumatatu, akiwa bado amechuchumaa kwenye ua wa kutawadhia, akifuta mikono kwa tambara. Mifereji kumi mipya iling'aa mbele yake. Mzee wa kwanza kuingia alibonyeza mmoja, akanawa uso na mikono, akapaka maji kichwani, akaosha miguu. Springi ikaurudisha mfereji, maji yakakatika, na ndani ya ukuta wa kibla kitu kikagonga, kavu, mara moja. Mzee hakugeuka. Jeilani aligeuka.

Kisha wakaingia wengine, maana adhana ilikuwa imekwisha na watu walitaka kuiwahi swala ya jamaa. Mifereji ikawa inajifunga miwili mitatu kwa pamoja. Ko. Ko-ko. Imamu alipofunga swala, waliochelewa walikuwa bado uani, na ukuta ulimjibu nyuma ya kila takbira.

Jeilani ni fundi wa mabomba hapa Amu, mji wa Lamu, kwa mwaka wa thelathini na mbili sasa. Ni mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, na vidole vyake havijawahi kutakata vizuri tangu aanze kazi. Nyumba nyingi za mtaa huu zinakunywa kwa mikono yake. Ukimuuliza njia ya kwenda kwa mtu, atakwambia upite pale penye koki ya inchi moja, ukunje kushoto kwenye mita ya maji. Msikiti huu mdogo ni wa mtaani kwao. Marehemu baba yake aliupaka chokaa kila Shaabani, na yeye huutengeneza bila ujira.

Mifereji ile ilikuwa wakfu. Bi Nasreen, ambaye nyumba yake imeegemeana na ua wa kutawadhia, alifiwa na mwanawe wa pekee, Faiz, kwa maradhi ya figo. Akauza bangili zake. Akanunua mifereji kumi ya kubonyeza, ya aina ile inayojifunga yenyewe ili maji yasipotee, na pampu ya kuisukumia, kwa kuwa mifereji ya namna hiyo haitoi maji ya maana bila nguvu. Juu yake kikapigwa kibati cha shaba chenye jina la mtoto. Kila atakayetawadha hapo, thawabu zimfikie Faiz.

Jeilani alijua tatizo kabla hata ya kwenda kulala siku ile. Maji yanayokimbia ndani ya bomba refu ni mzigo unaokimbia. Ukifunga mfereji polepole, mzigo unapungua mwendo, unasimama. Ukiufunga ghafla, mzigo hauna pa kwenda. Unajipiga pale ulipozuiliwa, na kishindo kinarudi nyuma kwenye bomba lote, kinakwenda na kurudi mpaka kichoke. Zamani tangi la juu ya dari lilishusha maji kwa uzito wake tu, na mifereji ilikuwa ya kuzungusha. Mtu aliifunga kwa mizunguko mitatu. Sasa pampu ilisukuma kwa presha ya bar nne, na springi za bei nafuu zilikata maji kama kisu.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilijua yeye peke yake. Bomba la kwenda uani linapita ndani ya ukuta wa kibla, chini kidogo ya mihirabu. Alilipitisha mwenyewe, miaka kumi na minne nyuma. Fundi wa kawaida angelibana kwa vyuma kila hatua moja. Yeye alisimama na nyundo mbele ya mihirabu na mkono ukakataa kupigilia misumari pale. Alilichongea mfuo mwembamba kwenye mawe ya matumbawe ya ukuta, akalilaza kama mtu anavyolaza mtoto, akalifunika kwa chokaa. Kwa nguvu ndogo ya tangi bomba lilitulia. Sasa lilikuwa linaruka ndani ya kitanda chake na kupiga mawe.

Mihirabu ile imezungukwa na chokaa kilichochorwa, maua na misuko, kazi ya mikono isiyojulikana majina, ya zaidi ya miaka mia mbili. Wiki ya pili Jeilani aliona ufa kama unywele chini ya ua la mwisho upande wa kulia. Akapitisha ukucha. Vumbi jeupe likamwagika.

Imamu, alipoonyeshwa, alisema wakfu unaweza kubadilishwa ukiwa na madhara, lakini mwenyewe aliyeutoa yu hai, aulizwe kwanza. Jeilani akaenda kumuuliza. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, na njia yenyewe ni hatua ishirini.

Bi Nasreen alikuwa ameketi kwenye daka la nyumba yake, kile kibaraza cha mlangoni. Macho yake yamefifia, mtu humjua kwa nyayo. Hakumpa nafasi. Alimwambia akae, akamwambia kwamba tangu mifereji iwekwe amepata usingizi, kwa sababu ukuta wa chumba chake na ukuta wa msikiti ni mmoja na kila mtu akimaliza kutawadha yeye husikia.

"Nasikia ko, nasema, hiyo imemfikia mwanangu," alisema. "Yeo alfajiri nimehisabu ishirini na saba. Mungu akuweke, Jeilani, umeniletea mtu mlangoni."

Jeilani alikunywa kahawa aliyopewa. Akaondoka na maneno yake yote, hakuna hata moja lililopungua.

Njia iliyobaki ilikuwa kuutuliza ukuta bila kugusa mifereji. Alitengeneza chemba za hewa: vipande vya bomba vya urefu wa mkono, vimezibwa juu, akavisimamisha wima karibu na mifereji, kimoja kila mwisho wa safu. Ndani hubaki hewa. Maji yakizuiliwa ghafla hupanda humo, huibana hewa, nayo huyapokea kama godoro. Alasiri ile watu walitawadha na ukuta ukanong'ona tu. Jeilani aliswali akasikia kisomo chote.

Siku ya tatu Bi Nasreen alituma mtu kuuliza kama kuna msiba, mbona msikiti hauna watu. Alijibiwa kwamba watu wapo. Siku ya tano akatuma tena.

Baada ya wiki sita ko ikarudi. Jeilani hakushangaa. Hewa iliyofungiwa na maji huyeyuka humo kidogo kidogo, chemba ikajaa maji, na chemba iliyojaa maji ni kipande cha bomba tu kisicho na kazi. Dawa yake ni nyepesi: unafunga koki kuu, unafungua mfereji wa juu na wa chini, unayamwaga maji yote mpaka hewa iingie upya. Nusu saa, kati ya dhuhuri na alasiri. Alikuja na spana yake. Alipopita kwenye daka, Bi Nasreen alikuwa anacheka na jirani, uso umefunguka kama wa msichana, akimwambia kwamba watu wamerudi kutawadha kwa Faiz, siku zile labda walikuwa safarini.

Jeilani alirudi nyumbani na spana yake. Alijiambia wiki moja haitadhuru kitu. Zikawa tatu. Ufa ukapanda mpaka ua la pili.

Alipoziondoa maji zile chemba hatimaye, aliagiza pia kipunguza presha kutoka Mombasa, kidude cha shaba chenye springi na skurubu juu. Alikifunga baada ya pampu, pamoja na geji ya kupimia presha. Bar nne zikashuka hadi mbili. Maji yakienda taratibu, hata yakikatwa ghafla, pigo lake ni dogo. Alitumai bomba litagonga kwa kiasi cha kusikika chumbani kwa Bi Nasreen lakini si cha kuuvunja ukuta. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa anakitafuta kipimo hicho. Alikaa pale siku nzima, anazungusha skurubu robo, anabonyeza mfereji, anaegemeza sikio ukutani, anazungusha tena. Kipimo hicho hakikuwapo. Penye sauti palikuwa na vumbi.

Akaiacha presha kwenye mbili. Watu wakalalamika kuwa mifereji inadondosha matone tu. Abubakr, mtunzaji wa msikiti, mtu wa mizaha na misuli, alichoka kusemwa. Akachukua bisibisi akairudisha presha juu. Jeilani akaishusha. Kesho yake akaikuta juu.

"Bwana Jeilani, wataka watu watawadhe kwa mate?" Abubakr alimuuliza mbele za watu, nao wakacheka.

"Ukuta unapasuka."

"Ukuta una miaka mia mbili hujapasuka. Upasuke kwa kunawa miguu?"

Jeilani alimshika mkono akampeleka mihirabuni. Alimwonyesha ufa. Abubakr akasema chokaa chote cha Amu kina nyufa, ni chumvi hiyo. Kulipitisha bomba upya nje ya ukuta kulihitaji idhini ya serikali, kwa kuwa jengo ni la kale. Barua ilikuwa imepelekwa na haikuwa imejibiwa. Kuufungua ukuta ili kulibana bomba kulikuwa ni kuyavunja maua yenyewe. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mtu nyuma yake anayeusukuma upande wa pili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mbaya.

Siku ya Ijumaa presha ilikuwa juu. Mifereji kumi, watu mia, wote wanakimbilia khutba. Ukuta uligonga mfululizo, na Jeilani, safu ya kwanza, alikuwa ameweka kiganja kwenye chokaa, hajui mwenyewe kwa nini. Huwezi kuushika ukuta. Akahisi pigo, akahisi jingine, kisha kitu kikalegea chini ya mkono wake. Misuko ya upande wa kulia ilidondoka yote, kipande cha urefu wa mtu, ikavunjika kwenye mkeka. Haikumwangukia mtu. Kwenye mfuo ulioachwa wazi bomba lilionekana, jeusi, linatikisika.

Kamati ya msikiti ilikutana siku ile ile. Ilichukua dakika chache. Pampu ikazimwa na nyaya zake zikakatwa. Mifereji ikarudishiwa maji ya tangi, nayo yalitoka kama uzi. Mtu hubonyeza mara sita kuosha mguu mmoja. Abubakr aliyaokota maua yaliyovunjika akayatia kwenye gunia la unga, kipande kimoja kimoja, akiwa hamtazami mtu.

Jumamosi, baada ya alasiri, Jeilani alitoka msikitini na mfuko wake wa vyombo. Bi Nasreen alikuwa kwenye daka. Alizitambua nyayo zake, akamwita, naye akaja akasimama mbele yake. Mkono wa yule mama ulikuwa umelala juu ya ukuta, vidole vimetandazwa.

"Tangu jana sisikii kitu," alisema. "Kwani watu hawatawadhi tena?"

Jeilani aliweka mfuko chini. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anabonyeza mfereji, anangoja, anabonyeza tena, na hapakuwa na sauti yoyote ya kumwonyesha. Akaketi kando yake, akainama mpaka karibu na sikio lake.

"Wanatawadha, mamangu," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. "Wanatawadha."