Ng'ombe Sitini, Siku Kumi

Siku ile tulikuwa wanne ndani ya stoo, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Kibaoni. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mama muuza maandazi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwepo mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake zamani, na sasa anatujua kuliko tunavyojuana wenyewe. Na alikuwepo babu mwenye stoo, ambaye hakuwa na hisa katika biashara yetu, ila alikuwa na shamba letu. Paka wa stoo alikuwepo pia, lakini yeye alilala juu ya viroba vitupu tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuchangia hoja.

Niseme kwanza habari ya shamba. Wazazi wetu walipoondoka duniani waliniachia wadogo zangu watatu, mimi mkubwa wao, na heka tatu za mpunga kule Michenga. Niliacha shule darasa la sita ili hao watatu wasiache. Mwaka wa biashara hii, mdogo wangu wa pili alipopata nafasi ya chuo, niliweka shamba rehani kwa babu kwa laki kumi na mbili. Rehani kwetu ni hivi: anayekupa hela analima na kuvuna yeye, mpaka siku utakayomrudishia hela yake yote. Laki sita zikaenda chuoni. Sita zilizobaki nikazifanya mtaji.

Biashara yenyewe kila mtu Ifakara anaijua. Unanunua mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, unaufungia stoo, unasubiri. Mimi niliingia na laki sita mwanzoni mwa Juni. Mama wa maandazi akaingia na laki nane mwanzoni mwa Agosti, alipoona gunia zangu hazijaliwa na panya. Mfugaji akauza madume na kuingia na laki ishirini na nane mwanzoni mwa Novemba. Kila hela ilipoingia tuliongeza mpunga, na kila ilipoingia niliandika kwenye daftari tarehe na kiasi. Jinsi ya kugawana hatukuandika. Tulisema tu, "Tutagawana kwa haki," na kila mmoja akaenda nyumbani na haki yake kichwani.

Mwishoni mwa Januari tukauza gunia zote kwa mkupuo. Tukatoa kodi ya stoo, hela ya viroba na ya wabebaji, tukaweka pembeni mtaji wa kila mtu. Faida ikabaki milioni mbili na laki moja, imelala juu ya mkeka katikati yetu.

Wiki hiyo trekta zilikuwa zimeshaanza kulima bondeni. Babu alikuwa ameniambia wazi: nisipolipa mpaka Jumamosi, anaingiza trekta, na likishalimwa ni lake mpaka mavuno. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Na sitaki vipande vipande," aliongeza, akijipepea kwa kofia. "Zote au nalima."

"Nimesikia, babu."

Mfugaji ndiye aliyeanza. Alikuwa ameshapiga hesabu njiani.

"Hapa hakuna kazi kubwa," alisema. "Mtaji wote laki arobaini na mbili. Faida laki ishirini na moja. Kila aliyeweka laki mbili achukue laki moja. Binti achukue tatu, mama achukue nne, mimi kumi na nne. Tunywe chai."

Mama wa maandazi alitikisa kichwa kukubali. Nne ni nyingi kuliko tatu, na alikuwa anapenda kunizidi hata kwa ndoo za maji.

Mimi nilikuwa nahesabu shamba. Mtaji wangu laki sita, faida tatu, jumla tisa. Hapo naondoka na hela mkononi na shamba linabaki kwa babu.

"Hela yangu imekaa humu tangu Juni," nilisema. "Miezi minane. Yako imekaa mitatu."

"Hela haina miguu," mfugaji alisema. "Kukaa si kazi. Nani alijaza hii stoo mpaka mlango ukakataa kufungwa? Mimi."

"Mwanangu," mama akaingilia, "wewe ndiye mwenye mtaji mdogo. Usilete maneno marefu, nina unga umeumuka nyumbani."

Hapo nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelipanga tangu Desemba. Nilimmiminia mfugaji chai, nikamwekea maandazi mawili juu ya kifuniko cha birika, nikasema kwa upole, "Sawa, mzee. Basi kabla hatujagawana, hebu tuhadithie tena ile ya mwenzako na mabua."

Nieleze. Mpunga ukishavunwa, wafugaji hulipa wenye mashamba ili ng'ombe wao wale mabua. Mfugaji wetu alikuwa na hadithi moja ya mabua ambayo aliisimulia kila alipofika stoo kukagua gunia zake. Tulikuwa tunaijua kwa moyo, pamoja na mahali anapokohoa. Lakini mtu mwenye hadithi haombwi mara mbili.

"Ile ya yule mlafi?" alisema, na macho yakang'aa. "Bebe, yule mtu." Bebe kwao ni wewe, na yeye huanza na neno hilo kila akipandwa na furaha. "Tulikodi shamba moja la mabua, laki tatu. Mimi nikaingiza ng'ombe sitini, wakala siku kumi, nikawaondoa. Yeye akaingiza ishirini, wakala siku thelathini. Siku ya kulipa ananiambia, wewe una ng'ombe mara tatu ya wangu, lipa mara tatu yangu. Nikamwambia, wewe umesoma wapi?"

"Ukamwambiaje?" niliuliza.

"Nikamwambia, wangu sitini mara siku kumi, mia sita. Wako ishirini mara siku thelathini, mia sita. Tumbo la ng'ombe linahesabiwa kwa siku zake. Tuko sawa, kila mtu laki moja na nusu. Alinuna mpaka leo."

"Kwa hiyo wingi wa ng'ombe peke yake si kitu," nilisema.

"Si kitu. Mpaka ujue wamekaa siku nga..."

Lile andazi la pili lilikuwa limefika nusu ya safari.

Babu alianza kucheka kwanza. Alicheka bila sauti, mabega tu, kama mashine iliyowashwa bila mpunga.

"Ng'ombe ni ng'ombe," mfugaji alisema polepole. "Hela ni hela. Hela haili mabua."

"Haili mabua, inakula faida," nilisema. "Bei ilipanda kutoka Juni mpaka Januari. Yako imepanda ngazi tatu za mwisho. Yangu ilianzia chini kabisa, na panya."

Mama wa maandazi alikuwa amekunja uso. "Subiri," alisema. "Kwa hesabu hiyo ya ng'ombe, mimi je?"

"Laki nane, miezi sita. Agosti mpaka Januari. Arobaini na nane."

"Na wewe?"

"Laki sita, miezi minane. Arobaini na nane."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa ndoo na kukuta ina tundu. Laki mbili zaidi alizoweka zilikuwa zimeliwa na miezi miwili aliyochelewa.

"Na yeye?"

"Laki ishirini na nane, miezi mitatu," babu alisema, simu yake imeshafika mkononi. "Themanini na nne. Jumla mia moja themanini." Akagawanya faida kwa mia moja themanini, na kioo cha simu kikajaa sita sita sita mpaka pembeni. Akaikung'uta simu. Sita hazikutoka.

Mimi darasa la sita nililiachia hapo hapo kwenye hesabu za sehemu, nikabaki nazitazama zile sita. Aliyetuokoa ni mama. Yeye maandazi huyapeleka kwenye mikahawa kwa dazeni, na namba zote duniani kwake ni dazeni au si dazeni.

"Mnahangaika nini," alisema. "Arobaini na nane ni dazeni nne. Yako nne, yangu nne. Themanini na nne ni dazeni saba. Jumla dazeni kumi na tano. Gawa hela kwa kumi na tano."

Babu akagawanya. Laki moja na elfu arobaini, kamili, bila mkia. Mara nne ni laki tano na elfu sitini. Mara saba ni laki tisa na elfu themanini.

Mama akalinganisha laki nne za mwanzo na laki tano na elfu sitini za sasa. Sijawahi kuona mtu akihama upande bila kuinuka.

"Haki ni haki," alisema, akaufunga mtandio. "Mzee, umesema mwenyewe kwa mdomo wako. Tumbo la ng'ombe linahesabiwa kwa siku zake. Mimi nimekuwa nikisema siku zote huyu mzee ana busara."

Mfugaji alitazama rundo lake likipungua kutoka laki kumi na nne. Angeweza kukataa, hatukuwa na karatasi ya kumbana. Lakini angekataa, hadithi yake ingekufa, na sisi watatu tungeitangaza hiyo maiti mpaka Malinyi.

"Umenichapa kwa fimbo yangu," aliniambia mwishowe. "Hesabuni."

Tukahesabu. Nikachukua mtaji wangu na faida yangu, nikamgeukia babu, nikaziweka mbele yake. Laki kumi na moja na elfu sitini. Babu alizihesabu mara mbili, akilowesha kidole.

"Zimepungua elfu arobaini," alisema. "Nilisema zote."

"Babu, elfu arobaini tu."

"Hata trekta, lita moja tu inatosha kuiwasha."

Mama alikumbuka unga wake ulioumuka. Mimi nilikuwa naona ile Jumamosi kwa macho. Ndipo mfugaji akatoa elfu arobaini kwenye rundo lake, akazitupa juu ya zangu.

"Lirudishe shamba la watoto," alimwambia babu. Kisha kwangu: "Hizo si zawadi. Utanilipa kwa mabua, ukivuna. Shamba lile la laki tatu lililisha ng'ombe elfu moja na mia mbili wa siku moja moja. Kila mmoja shilingi mia mbili hamsini. Elfu arobaini ni ngapi?"

"Mia moja sitini," nilisema.

"Ng'ombe mia moja sitini wa siku moja. Niwalete nitakavyo, wengi siku chache au wachache siku nyingi. Si ndiyo hesabu yako?"

"Ndiyo yako, mzee."

Nililima mwenyewe mwaka huo, nikavuna mwenyewe. Alileta ng'ombe ishirini, wakakaa siku sita, akawaondoa. Mia moja ishirini. Nikamwambia alete waliobaki, mabua bado yapo. Akasema anawatunza.

Sasa kila tukikutana sokoni nampa shikamoo, naye kabla ya kuitikia ananyoosha vidole vinne, kila kimoja ng'ombe kumi. Hadithi yake ameibadilisha. Ndani yake sasa kuna binti mmoja wa Michenga, mjanja, ambaye bado anadaiwa ng'ombe arobaini.