Moshi Ulioshuka Shimoni

Mtaani walimwita Bi Nuksi. Jina hilo alipachikwa na wifi yake mwaka ule mume alipoondoka na begi moja asirudi, kana kwamba mke ndiye aliyemfungia begi. Ndugu wa mume walichukua nyumba ya mbele. Yeye wakamwachia uani: chumba kimoja, jiko, na kibanda cha chai na maharage alichokijenga kwa mikono yake. Jina hakulikataa. Alisema jina baya halimli mtu, njaa ndiyo inayomla.

Siku moja bwana afya akapita kukagua vibanda. Alipofungua mlango wa choo cha zamani cha uani, nzi walimvaa usoni akarudi kinyumenyume.

"Mama, nakupa miezi miwili," alisema akijifuta. "Nikirudi nikakuta nzi wanatoka huku kwenda kwenye vikombe vya watu, kibanda nakifunga."

Kibanda kikifungwa hakuna kingine. Bi Nuksi akavunja kibubu, akamwita, amchimbie choo kipya, fundi mmoja mpole, mwenye mikono mipana kama koleo, ambaye watu walimtania kwa jina la Fundi Shimo. Jambo la kwanza fundi aliuliza kisima kiko wapi, kisha akahesabu hatua kutoka hapo mpaka kona ya mwisho ya uwanja, upande wa mteremko, uchafu usielekee kisimani, akachora duara.

Bi Nuksi hakuwa mtu wa kumwamini mwanamume anayefungua mdomo. Kila asubuhi chai ikishakwisha, alileta kigoda akakaa karibu na shimo na kuuliza.

"Mbona huko chini unaacha mianya kati ya matofali? Unanibania saruji uende nayo kwako?"

"Dada, hapo ndipo maji yatakapopenya yanywewe na ardhi," sauti ilitoka shimoni. "Ile mita ya juu nitaiziba yote. Bila hivyo mvua ya kwanza tu, ukuta utaporomoka na choo kitazama na wewe ndani."

Alisubiri fundi aende kula, akashuka ngazi, akapitisha kidole kwenye mianya. Ilikuwa imepangwa sawasawa. Akapanda juu bila kosa la kumshika nalo, hali asiyoipenda.

Bamba la zege la kufunika shimo lilikuwa na matundu mawili. Fundi alilimwagia maji siku saba, lisipasuke. Bi Nuksi alielewa tundu la kwanza. La pili lilimkosesha raha mpaka fundi alipoleta bomba pana lililopakwa rangi nyeusi, akalisimamisha wima juu ya tundu hilo, nje ya ukuta, upande wa jua, likapita paa kwa zaidi ya mkono.

"Sasa choo kinavuta pumzi?"

"Ndiyo. Upepo ukipita juu ya bomba unanyonya hewa ya shimoni. Hewa safi inaingia kwa lile tundu la miguuni, harufu inatokea juu ya bomba."

"Na nzi?"

"Nzi anafuata mwanga. Chumba kikiwa na giza, aliye shimoni anaona mwanga mmoja tu, wa kule juu ya bomba. Anapanda, anakutana na wavu, anahangaika hapo mpaka anakufa."

"Nzi mwenye akili atageuza."

"Nzi mwenye akili mimi sijakutana naye, dada. Ila usifunike tundu, na mlango usiuache wazi. Ukifanya hivyo, kazi yote ni bure."

Bi Nuksi hakusadiki. Tangu azaliwe hajaona choo cha watu wasafi kisicho na kifuniko. Na mume naye alikuwa na maneno laini. Fundi alipogeuka tu, alichukua mbao za sanduku la sabuni, akapigilia kifuniko chenye mshikio, akakiweka juu ya tundu. Mlango akauegemezea jiwe, ukae wazi mchana kutwa, harufu itoke.

Wiki ya tatu tangu choo kipya kianze kutumika na cha zamani kifukiwe, harufu ilikuwepo, na nzi walikuwepo.

"Wifi," wifi yake aliita kutoka dirisha la nyumba ya mbele, "nasikia umewajengea nzi ghorofa. Kodi wanalipa?"

"Wanalipa kuliko ndugu zako," alijibu, huku akihesabu siku kichwani. Zilibaki siku tisa. Alijua kilichotokea: fundi hakuweka wavu. Wanaume ni wale wale.

Akaazima ngazi, akakunja nguo, akapanda mpaka kwenye mdomo wa bomba. Wavu ulikuwepo. Ulikuwa wa alumini, usioshika kutu, umekazwa kwa waya pande zote, matundu yake madogo hata kiroboto angeomba njia. Alitafuta mwanya wa kumlaumu mtu, akaukosa. Alishuka polepole. Kama fundi hakumwibia, basi kilichomwibia ni nini?

Jambo hilo lilimkera kuliko hata kuibiwa. Akachukua kipande cha gunia, akakiwasha, akakizima moto kibaki kufuka, akaingia nacho chooni. Alikiweka kando ya kifuniko. Moshi ukazubaa, ukazunguka, ukamwingia machoni. Akautazama tena. Nzi wawili walichungulia kwenye mwanya, maana mbao za sanduku zilikuwa zimepinda, wakaruka moja kwa moja kuelekea mlango uliojaa mwanga.

Akayakumbuka maneno ya fundi. Kisha akaondoa kifuniko, akaliondoa jiwe, akavuta mlango. Gizani akashusha gunia karibu na tundu. Moshi uliinama. Ukateremka shimoni taratibu, kama nyuzi zinazovutwa na mtu aliye chini.

Nje wifi alisikika: "Jamani, choo cha uani kinavuta sigara."

Bi Nuksi alitoka mbio akaangalia. Ni kweli, moshi ulikuwa unatoka juu ya bomba. Alicheka peke yake, kitu ambacho uani palikuwa pamekisahau. Kifuniko akakitia jikoni, kikachemsha maharage.

Bwana afya alirudi na fomu. Aliingia, akanusa, akatoka, akakunja uso. "Kifuniko kiko wapi? Fomu inauliza kifuniko."

"Fomu yako haijakaa na shimo langu. Ingia na hili gunia."

Alimfungia humo. Bwana afya alipotoka hakukunja uso tena. Akaandika, akamsogezea kidau cha wino atie dole gumba.

"Soma kwanza."

"'Choo hakina kifuniko.'"

"Hapo umemaliza?"

"Ndivyo fomu inavyotaka, mama."

"Mwanangu, dole hili lilishatiwa wino kwenye karatasi ambayo sikusomewa. Ndiyo maana nalala uani na nyumba naiangalia dirishani. Andika kwa nini hakina."

Bwana afya alitazama nyumba ya mbele, akatazama uani. Akaandika tena, akasoma: tundu huachwa wazi ili hewa ishuke, bomba lina wavu, nzi hawapo, kibanda kiendelee. Bi Nuksi alimtaka asome mara mbili, ndipo akatia dole.

"Na upepo usipovuma?" bwana afya akauliza.

"Hilo silijui. Muulize aliyejenga."

Jioni ile Bi Nuksi alimkuta Fundi Shimo akiosha koleo. Hakuanza kwa salamu.

"Upepo usipovuma, choo kinavutaje?"

"Jua linapasha bomba jeusi, hewa ya ndani inapata moto, inapanda yenyewe."

Bi Nuksi alilichukua jibu hilo, akaligeuzageuza kichwani, akaona limesimama. "Fundi, nilikusingizia wizi."

"Kwa nani?"

"Kwa nafsi yangu."

"Afadhali," alisema fundi. "Huko hakuna mwingine aliyesikia, na kuja kwako kuuliza kumeshaniomba radhi. Kaa, nikueleze usiku inakuwaje."

Akavuta kigoda, akakaa.