Msikilizaji wa Takwimu

Baba mudogo, ndugu wa baba yangu, alifanya kazi kwenye ofisi ya uandikishaji pale chuoni kwetu Lubumbashi. Nilimwambia naogopa kozi ya takwimu itanishushia wastani.

"Nitakuandika musikilizaji," akasema. "Utaingia kozi, hawatakupa pointi. Iko sawa na staji, ile mazoezi ya kazi: banaandika tu 'valide', umepita, na kredi za diplome zinaingia."

Nikatia sahihi fomu. Baba mudogo naye ni baba; nimshuku baba yangu mwenyewe?

Mwaka mzima nikasikiliza takwimu. Siku ya matokeo, sikuwemo kati ya waliomaliza. Katibu wa juri ya mitihani akanieleza: staji haina pointi lakini ina kredi, kwa sababu programu imeipanga hivyo. Msikilizaji hapati pointi wala kredi, na takwimu ni kozi ya lazima. Kubadilisha fomu kuliruhusiwa tu kabla uandikishaji haujafungwa. Nirudie kozi hiyo mwaka ujao.

Nikamfuata baba mudogo. Akafungua faili, akagonga kidole juu ya sahihi yangu. "Si uliomba wewe mwenyewe?"

Fomu iliyofuata kwenye faili ilikuwa ya binti yake, niliyekaa naye benchi moja, aliyeogopa takwimu kuliko mimi. Yeye, baba yake alikuwa amemwandika mwanafunzi wa kawaida.