Barua Iliyotangulia Kikao

Gatwiri, karani wa kamati ya leseni mjini Meru, aliichapa barua ya kumfungia Khalifa bucha siku mbili kabla ya kikao. Aliyemwagiza ni mwenyekiti Njura, ambaye bucha yake inatazamana na ya Khalifa. Khalifa hakuitwa wala kuonyeshwa malalamiko kwamba anauza nyama iliyooza.

Khalifa alipokwenda Mahakama Kuu, jaji hakuuliza kama nyama ilikuwa imeoza. Aliuliza, "Alisikilizwa lini? Na mshindani wake aliketije kumhukumu?" Wakili wa kamati akapekua faili. Jaji akaufuta uamuzi, akaagiza shauri lisikilizwe upya bila Njura.

Gatwiri ndiye aliyempelekea Khalifa wito na nakala ya malalamiko, kule buchani.

"Una siku kumi na nne za kujitayarisha, mzee. Unaweza kuleta mashahidi."

"Kumbe njia ya kuja hapa mnaijua!" Khalifa alicheka.

Gatwiri hakucheka. "Ile barua ya kwanza niliichapa mimi. Alhamisi, kabla hawajaketi."

Khalifa akaacha kunoa kisu. "Na Ijumaa ulikuja, nikakukatia maini. Tukaulizana habari za nyumbani."

Gatwiri alitazama sakafu. "Ndiyo, mzee."