Kilichomtoa Mama Hulda Mtaa wa Ramadhani

Kwa miaka kumi na tisa Mama Hulda aliuza ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Leo chumba hicho ni mgahawa wa kahawa. Yeye amehamia Yakobi, pembezoni, na kanisani hukaa benchi la nyuma kabisa. Mwenye nyumba alimwambia mtaa umestaarabika, harufu ya ulanzi inafukuza watu wa maana. Akaamini.

Na mimi, msomi mzima wa sosholojia ya miji, nikaamini! Rasimu ya tasnifu yangu ilidai kwamba wapangaji walisukumwa nje ya mtaa na ladha za wageni wenye kipato. Msimamizi wangu akaandika pembeni: "Kipi kilitangulia?"

Nikarudi kwa Mama Hulda. Tarehe hazijui, ila misimu ya ulanzi anaijua.

"Lami ilifika kabla hatujaanza kugema," akasema. "Tukiwa tunagema, kodi ikapanda mara tatu. Hata fundi cherehani jirani yangu alishindwa, akahama."

"Na watu wa kahawa?"

"Walikuja ulanzi umeshakauka, vyumba viko wazi."

Basi. Lami ilipandisha thamani ya kiwanja, kodi ikafuata, kahawa ikaja mwisho. Ladha inaeleza kwa nini pakawa mgahawa na si duka la mbolea. Haielezi kwa nini watu walitoka. Cherehani ina harufu gani?

Nikamweleza hivyo.

"Kwa hiyo si ulanzi wangu?"

"Si ulanzi wako, mama."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Jumapili iliyofuata, kwaya ikiimba, aliyapita mabenchi yote, akaketi mbele.