Mwekundu Aliyekula Bila Kunenepa

Baba alipofariki, mama alikuwa ametangulia miaka mitatu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano kwa ajili ya mama, kwa hiyo kwa ajili ya baba sikuwa na kitu kingine cha kuacha. Nyuma yangu walikuwa watatu: dada yangu, aliyekuwa anaingia darasa la saba, na wadogo wawili ambao hata ng'ombe hawangeweza kumgeuza njiani.

Dada yangu alikuwa na akili. Walimu walisema atafaulu, na mimi sikuwa na shaka. Shaka yangu ilikuwa Januari. Ada ya muhula wa kwanza wa sekondari, sanduku, blanketi na sare vingefika shilingi mia tatu, nami sikuwa hata na mia. Basi mwezi wa saba, baada ya kuvuna karanga, niliuza magunia yetu pamoja na baiskeli ya baba, nikapata mia mbili na hamsini, nikaenda soko la ng'ombe upande wa Ndhiwa kununua maksai wawili waliokonda.

Mpango niliutengeneza kichwani nikipalilia. Nunua aliyekonda lakini mwenye mifupa mikubwa na meno mazuri. Mlishe miezi mitano. Muuze kabla ya Krismasi, wachinjaji wanaposhindana. Wawili wangenipa kama mia nne na arobaini. Mia tatu ziende shule, zilizobaki zinunue wengine.

Mweusi nilimnunua mia moja thelathini na tano. Mwekundu alikuwa mkubwa kumzidi, mbavu zikihesabika, na mwenyewe alitaka tisini na tano tu.

"Mbona rahisi?" nikamuuliza.

"Njaa tu, omera, ndugu yangu. Kwetu nyasi zimeisha. Mpe majani wiki mbili uone."

Nilimfungua ng'ombe kinywa, nikamtazama meno, nikampapasa mgongo. Niliona nywele zimesimama na macho yanatoa machozi, nikasema ni vumbi la njiani. Nilipomlipa mwenyewe ndipo akaniambia ng'ombe ametoka bonde la Lambwe, kwenye mbung'o. Nilisikia, lakini nilikuwa nimeshashika kamba.

Kazi ilianza hapo. Asubuhi nilikata nyasi kando ya kijito, mchana nikawapa majani ya viazi vitamu na mabua ya mtama. Zile shilingi ishirini zilizobaki zilinunua chumvi na mbegu za pamba kutoka kinu cha Homa Bay, nilizozibeba kichwani gunia kwa gunia. Mbegu hizo nilizipima kwa kopo, makopo mawili asubuhi na mawili jioni, kwa kila mmoja. Kila wiki niliwapeleka kwenye josho la dawa, kwa sababu kupe wa ndigana hangojei mtu apate ada.

Bwana mifugo alipopita mara ya kwanza alimzungushia kila mmoja utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Mweusi alikuwa inchi hamsini na nne, ambayo kwa hesabu yake ni karibu ratili mia nne na sabini. Mimi sikuwa na utepe. Kwa kila mmoja nilichukua kamba ya katani, nikaizungusha kifuani, nikafunga fundo ilipokutana, na kila baada ya wiki mbili nikapima tena.

Fundo la mweusi lilisogea. Kufikia mwezi wa kumi lilikuwa limesogea upana wa vidole vitano. La mwekundu lilibaki pale pale. Alikula kuliko mwenzake, akalamba chumvi, akalala, na mgongo wake ukabaki kama paa la nyumba.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa rika la baba, naye alikuwa na maksai wanne wa kunenepesha. Alikuja jioni akasimama mlangoni mwa zizi.

"Wewe unalisha ng'ombe au unalisha shimo?"

"Atashika mwili tu, baba."

"Atashika nini? Huyo ametoka kwa mbung'o. Angalia tezi za shingo zilivyovimba. Mtu akikuuzia ng'ombe wa Lambwe kwa tisini, amekuuzia kamba, ng'ombe ni nyongeza."

Kesho yake nilitembea mpaka kwa bwana mifugo. Alikuja, akamtoboa sikio, akapaka damu kwenye kioo akaenda nayo. Alirudi na sindano. Alisema ni nagana, ugonjwa wa mbung'o, na kwamba chakula chote nilichokibeba tangu mwezi wa saba kilikuwa kinalisha wadudu waliomo damuni. Hakuniambia kwa ukali. Nadhani aliona uso wangu.

Baada ya sindano mwekundu alianza kunenepa, lakini mwezi wa kumi ulikuwa umekwisha. Asingekuwa tayari kabla ya mwezi wa pili. Januari ikabaki mgongoni mwa mweusi peke yake.

Wiki ya kwanza ya Desemba utepe wa bwana mifugo ulisema mweusi ni inchi sitini. Mchuuzi kutoka Kisii alikuja nyumbani, akamzunguka mara mbili, akatoa mia mbili arobaini na tano.

"Krismasi atafika mia tatu kasoro," nikasema.

"Krismasi mimi nitakuwa nimeshanunua kwa wengine, kijana. Wewe utakula naye pilau."

Jirani alinivuta pembeni. "Wangu siuzi mpaka tarehe ishirini. Wiki mbili tu! Ungojee nawe."

Ningetaka kungoja. Mia tatu kasoro ingekaribia kabisa kile nilichohitaji. Lakini kwenye josho nilikuwa nimesikia kwamba ng'ombe wa mpakani, upande wa Tanzania, wanadondosha mate na kuchechemea. Nilimtazama dada yangu akichambua mboga, hajui tunasema nini. Nikauza.

Siku tisa baadaye karantini ilitangazwa. Ugonjwa wa miguu na midomo. Masoko yote yakafungwa, na ng'ombe akawa haruhusiwi kuvuka hata mto. Jirani alibaki na maksai wanne wanono wasio na pa kwenda. Hakunitania tena, na mimi sikuwa na nguvu ya kumtania.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, dada yangu alikuwa amepata nafasi. Nilikuwa na mia mbili arobaini na tano. Mwekundu naye ugonjwa ulimfikia. Ulimi ukatoka malengelenge, kwato zikapasuka, nikamwosha kwa maji ya chumvi kila siku. Alipona, kama wengi wanavyopona, lakini alirudi kule kule kwenye mbavu. Mchinjaji wa kwetu, ambaye aliruhusiwa kuchinja bila kuvuka mpaka wa lokesheni, kata yetu, alimpapasa mbavu.

"Sitini."

"Nilimnunua tisini na tano."

"Na wewe hukutazama alikotoka. Sitini."

Nikampa. Jumla ikawa mia tatu na tano.

Asubuhi ya kuondoka dada yangu alisimama kando ya zizi, sanduku miguuni. "Kaka, muhula wa pili utalipa na nini?"

"Nenda usome."

"Nimeuliza."

"Nimesikia. Sijui bado."

Aliinama akabeba sanduku mwenyewe. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa wa kwanza wa nyumba yetu kupita darasa la saba, na hakuna aliyepiga kigelegele, kwa kuwa wadogo walikuwa bado wamelala.

Nilipojiandika wiki hiyo kupakia magunia bandarini Homa Bay kuanzia Jumatatu, karani aliniuliza kama nina kazi nyingine. Nilisema sina. Lilikuwa jibu la kweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba.

Siku iliyofuata niliamka gizani kukata nyasi. Nilikuwa nimeshashika panga ndipo nikakumbuka kuwa zizi ni tupu. Nilirudi kitandani nikalala mpaka jua likanichoma, na wadogo walipokuja kuniuliza kama naumwa, niliwaambia wanyamaze kidogo.